Picha Tano, Kivuli Kimoja: Uchambuzi wa Picha ya HDR Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Picha inayochambuliwa hapa ilipigwa ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, mwezi wa Januari, saa nne na nusu asubuhi. Kamera ilisimama chini ya kuba na dari za matao za upande wa kusini, ambao ni nyongeza ya karne ya 14, ikielekezwa kaskazini, kwenye sehemu kongwe ya msikiti ambayo leo haina paa. Aliyewahi kusimama mahali pale anaijua hali yenyewe. Mbele ya macho kuna nguzo zenye pande nane zilizo kivulini, juu kuna dari la mawe ya matumbawe lililopakwa chokaa zamani, na baada ya tao la mwisho kuna kuta zinazopigwa na jua kali, majani, na anga lenye mawingu meupe ya kaskazi. Jicho huona vyote hivyo bila taabu, kwa sababu huzunguka na kujirekebisha kila linapohama kutoka nguzo kwenda mawinguni. Kamera haina nafasi hiyo, maana hupokea vyote kwa mpigo mmoja na kwa kipimo kimoja.

Nilikwenda Kilwa kupiga picha za maonyesho madogo kuhusu majengo ya kale ya pwani, na picha hii ndiyo iliyotakiwa kuwa kubwa kuliko zote. Niliipiga mara mbili, siku mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilikuwa na kila kitu ndani yake lakini haikufanana na mahali pale. Ninaeleza zote mbili, kwa kuwa kosa la kwanza ndilo linaloonyesha vizuri zaidi ule uchafu wa picha za HDR, yaani picha kadhaa za mwanga tofauti zilizounganishwa kuwa moja, unatoka wapi.

## Siku ya kwanza

Siku ya kwanza niliiachia kamera ifanye kazi. Niliweka tundu la lenzi kwenye f/8, nikaiagiza ipige picha saba zinazopishana stopu moja moja, yaani kila picha ikipokea mwanga mara mbili ya iliyotangulia. Kamera ilipima eneo zima, ikachagua sekunde 1/30 kuwa katikati, kisha ikapiga kuanzia 1/250 hadi 1/4. Picha saba zilinipa imani kwamba nimekusanya kila kilichokuwapo.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni pale Kilwa Masoko, niliziunganisha kwa programu ya kubana toni, nikasogeza vidhibiti vya nguvu na vya undani mpaka kila pembe ikaonekana. Kilichotokea kilikuwa hivi. Mawingu yaliyokuwa meupe yalikuwa ya kijivu kizito, kama masizi ya chungu cha kuni. Kuzunguka tao, pale jiwe linapokutana na anga, kulikuwa na ukanda wa mwanga wenye upana wa kama kidole kwenye skrini, ambao wapiga picha huuita halo. Matumbawe, ambayo kwa asili yana vitundu vidogo vidogo, yalionekana kana kwamba kila kitundu kimechorwa kwa wino. Ndani ya msikiti kulikuwa na mwanga sawasawa na nje.

Asubuhi niliionyesha picha ile kwa mzee mmoja wa kisiwani aliyekuwa akituongoza. Aliitazama kwa muda, akaisogeza skrini karibu na uso.

“Mwanangu, hapa ni penyewe,” alisema, “nguzo nazijua. Lakini huu mwanga umeutoa wapi? Humu ndani mtu akiingia kutoka juani husimama kwanza, macho yazoee.”

Sijapata kusikia maelezo mafupi na sahihi zaidi ya hayo kuhusu picha ya HDR iliyoharibika. Mzee hakulalamikia rangi wala halo. Alilalamikia mpangilio wa mwanga: giza la ndani, ambalo ni sehemu ya jengo kama nguzo zilivyo, lilikuwa limeondolewa.

## Kosa la kwanza lilikuwa kwenye upigaji

Kabla ya kulaumu vidhibiti, nilifungua picha zile saba moja baada ya nyingine na kutazama histogramu ya kila moja, yaani mchoro unaopanga nukta za picha kuanzia giza upande wa kushoto hadi mwanga upande wa kulia. Hata katika ile yenye mwanga mdogo kabisa, ya 1/250, kilele cha upande wa kulia kilikuwa kimegota ukutani. Maana yake ni kwamba sehemu angavu za mawingu zilikuwa zimeungua katika picha zote saba. Hapakuwa na picha hata moja iliyobeba umbo la mawingu yale, kwa hiyo programu haikuwa na cha kurejesha.

Hapa ndipo asili ya kijivu cha masizi. Eneo lililoungua lina thamani moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama ukuta uliopakwa rangi moja. Ukiiamuru programu ilipunguzie mwanga, itashusha thamani hiyo yote kwa pamoja, na nyeupe tupu itageuka kijivu tupu. Wingu halisi likishushwa mwanga hubaki na sehemu nyeupe, sehemu za kivuli na kingo laini, lakini wingu lililoungua hubaki bapa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukiona katikati ya wingu kuna bapa la kijivu lisilo na umbo, huku kingo zake zikiwa na umbo, ujue tatizo halitatatuliwa kwenye kompyuta. Picha iliyokosekana haipatikani kwa kusogeza vidhibiti.

Kwa hiyo siku ya pili nilianza kwa kupima ncha mbili za mwanga. Niliweka kamera kwenye hali ya mkono, ISO 100, tundu f/8, nikapiga picha za majaribio huku nikitazama histogramu. Kwa sekunde 1/500 mawingu yalikaribia ukuta wa kulia bila kuugusa. Kwa upande mwingine, ile pembe ya dari yenye giza kuliko zote, nyuma ya nguzo ya kushoto, ilikaa katikati ya histogramu nilipofika sekunde 2. Kutoka 1/500 hadi sekunde 2 ni tofauti ya mara 1,000, yaani stopu 10.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini picha moja haitoshi hata kwa kamera nzuri. Toni ya katikati hukaa takriban stopu 3 chini ya kikomo cha juu cha sensa. Ukipiga kwa 1/500 ili kuokoa mawingu, ile pembe itakuwa stopu 10 chini ya toni ya katikati, yaani karibu stopu 13 chini ya kikomo. Sensa nyingi za kisasa hutajwa kuwa na uwezo wa stopu 14, lakini stopu za mwisho za chini ni chembechembe zaidi kuliko picha. Ukiinyanyua pembe ile kutoka huko chini, utapata madoa ya zambarau na kijani badala ya chokaa.

Hata hivyo sikuhitaji picha ya sekunde 2. Pembe ya giza haina haja ya kukaa katikati ya histogramu. Inatosha ipokee mwanga wa kutosha kuwa safi. Kwa nusu sekunde ilikuwa stopu 2 tu chini ya toni ya katikati, na faili la RAW, yaani data ghafi ya sensa, hubeba kiasi hicho bila shida. Nikaamua kupiga picha tano zinazopishana stopu mbili mbili: 1/500, 1/125, 1/30, 1/8 na 1/2. Zilikuwa chache kuliko saba za jana, lakini zilifunika stopu 8 badala ya 6, na ncha mbili zenyewe zilichaguliwa kwa kupima.

Mambo mengine ya upigaji nitayapitia kwa haraka. Tundu la lenzi lilibaki f/8 katika picha zote, kwa sababu likibadilika, kina cha ukali wa picha hubadilika nalo, na picha hazitalingana kingoni. ISO ya kujiendesha ilizimwa, kwani kamera ikiwa na ruhusa ya kupandisha ISO inaweza kuipa picha ya mwanga mdogo kile ulichokusudia kuinyima. Fokasi niliifunga kwenye nguzo ya tatu, tripodi niliitia uzito wa mfuko wa maji, na shata iliachiliwa kwa kuchelewesha sekunde 2. Nilirudia mfululizo mzima mara nne, kwa kuwa minazi ya nje ilikuwa ikipepea na nilitaka kuwa na chaguo.

## Kinachofanyika picha zinapounganishwa

Watu wengi huamini kwamba kuunganisha ndiko kunakoleta sura ile chafu. Sivyo, na inafaa kulisema wazi kwa sababu mpiga picha anayeamini hivyo huacha kutumia njia nzuri kwa kosa lisilo lake. Kuunganisha mafaili ya RAW ni hesabu ya wastani tu. Kwa kila nukta, programu huchukua thamani iliyorekodiwa katika kila picha, huigawanya kwa muda wa shata, kisha hupata wastani wenye mizani:

```
L = Σ w·(Z / t) / Σ w
```

Hapa `Z` ni thamani ya nukta, `t` ni muda wa shata kwa sekunde, na `w` ni uzito unaopewa kila picha kulingana na uaminifu wake mahali hapo. Tuchukue nukta moja iliyo kwenye nguzo ya tatu. Tuseme katika picha ya 1/30, ambayo kwa hakika kamera huipiga kwa 1/32, nukta hiyo ina thamani ya 2,000. Ukigawanya kwa 1/32 unapata 64,000. Katika picha ya 1/8 nukta hiyo hiyo itakuwa na thamani ya 8,000, na ukigawanya kwa 1/8 unapata 64,000 tena. Picha mbili zinatoa ushahidi mmoja kuhusu mwanga wa mahali pamoja. Katika picha ya 1/2 ilipaswa kuwa 32,000, lakini faili la biti 14 huishia 16,383, kwa hiyo pale imeungua na uzito wake huwekwa sifuri.

Faida ya hesabu hii iko kwenye chembechembe. Kila mwanga unapoongezeka mara nne, chembechembe zinazotokana na mwanga wenyewe hupungua kwa nusu zikilinganishwa na picha. Ndiyo maana pembe ya giza iliyotoka kwenye picha ya 1/2 ni laini kama chokaa inavyopaswa kuwa. Baada ya hesabu hiyo hakuna halo, hakuna masizi, hakuna vitundu vyeusi. Kuna faili moja lenye mwanga wote wa mahali pale, kwa uwiano ule ule uliokuwapo. Njia hii ya kurejesha mwanga kutoka kwenye picha kadhaa ilielezwa na watafiti Debevec na Malik mwaka 1997, wakati ambapo ilibidi kwanza kukisia jinsi filamu au kamera inavyopinda mwanga. Kwa RAW hatuna haja ya kukisia, kwa kuwa thamani zake zinakwenda sambamba na mwanga wenyewe.

Niliunganisha picha zangu tano kwa programu ya Lightroom, kupitia `Photo Merge > HDR`. Niliacha `Auto Settings` bila alama, kwani nilitaka kuliona faili lilivyo kabla ya programu kunichagulia sura. `Deghost Amount` niliiweka `Low`, na hapa panahitaji maelezo kidogo. Minazi ilisogea kati ya picha na picha, kwa hiyo jani moja lipo mahali tofauti katika kila picha, na wastani wake ni kivuli chake kinachoonekana mara mbili au tatu. Programu ikigundua hali hiyo huacha kutafuta wastani katika eneo hilo na kuchukua picha moja tu. Ukiiweka `High`, huanza kuhisi mwendo hata pasipo na mwendo, na kwenye dari langu ilichagua picha moja yenye mwanga mdogo kwa kipande cha ukubwa wa kiganja, kikawa na chembechembe katikati ya eneo safi. Kiraka cha namna hiyo huonekana ukikuza picha hadi asilimia 100, na ukiwasha `Show Deghost Overlay` utakiona kimepakwa rangi. Kwa `Low`, rangi hiyo ilikaa juu ya minazi tu, ambako ndiko nilikokuhitaji.

## Pale ambapo picha huchafuka

Faili lililopatikana lina mwanga mpana kuliko kitu chochote tutakachoionyeshea picha. Karatasi nzuri ya picha hubeba takriban stopu 6 hadi 7 kati ya weupe wake na weusi wake, na karatasi isiyong’aa hubeba pungufu ya hapo. Stopu 13 lazima zibanwe ziingie humo. Kila picha ya HDR, nzuri au mbaya, huamuliwa katika kubana huku.

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kupinda toni kwa picha nzima: kila mwanga wa kiwango fulani hupelekwa kwenye toni ile ile popote ulipo. Kwa njia hii kilichokuwa angavu zaidi kitabaki angavu zaidi, na mpangilio hauvunjiki kamwe. Udhaifu wake ni kwamba ukibana sana picha hupauka, kwa sababu tofauti ndogo ndogo za toni hubanwa pamoja na zile kubwa. Namna ya pili huangalia majirani. Kila nukta hupewa toni kulingana na wastani wa eneo linaloizunguka, kwa hiyo sehemu ya giza hunyanyuliwa na sehemu ya mwanga hushushwa, na undani wa kila sehemu hubaki na nguvu.

Namna ya pili ndiyo iliyonipa picha ya siku ya kwanza. Tazama kinachotokea kwenye ukingo wa tao. Nukta iliyo kwenye jiwe, karibu na anga, ina majirani wengi walio angavu. Programu huona wastani mkubwa, nayo huishusha nukta hiyo kuliko jiwe lingine lililo mbali na ukingo. Upande wa pili, nukta ya anga iliyo karibu na jiwe ina majirani wa giza, hivyo hunyanyuliwa. Matokeo ni ukanda mweusi kwenye jiwe na ukanda wa mwanga kwenye anga, na hiyo ndiyo halo. Upana wake ni upana wa eneo ambalo programu ililipima, kwa hiyo halo pana hukuambia kwamba nusu kipenyo cha kidhibiti ni kikubwa. Ukikipunguza sana, halo huonekana kwisha, lakini sasa eneo linalopimwa linalingana na vitundu vya matumbawe, na kila kitundu hupewa giza lake na kila ukingo wake hupewa mwanga wake. Jiwe huonekana limepakwa uchafu. Kuta za chokaa na matumbawe huumizwa na jambo hili kuliko kuta laini, na kwa maoni yangu ndiyo sababu picha nyingi za HDR za magofu ya pwani yetu hufanana zote, iwe ni Kilwa, Gedi au Songo Mnara.

Zipo programu zinazotumia vichujio vinavyoheshimu kingo, na halo zake ni ndogo zaidi. Durand na Dorsey walionyesha njia ya aina hiyo mwaka 2002, na vidhibiti vya `Highlights` na `Shadows` katika programu za leo navyo hutazama majirani lakini kwa uangalifu wa kingo. Hata hivyo kichujio bora hakiwezi kujua kwamba ndani ya msikiti panapaswa kuwa na giza kuliko nje. Hilo ni la mpiga picha kuliamua.

## Jinsi nilivyoibana mara ya pili

Niliandika kwenye karatasi mpangilio wa mwanga kama nilivyouona nikiwa nimesimama pale: mawingu, kisha ukuta wa juani, kisha majani, kisha sakafu ya ndani pale jua lilipopenya kwenye dari lililobomoka, kisha nguzo za mbele, kisha dari, na mwisho pembe ya kushoto. Mpangilio huo ndio uliokuwa kipimo changu. Kila nilipobadilisha kitu, nilisoma asilimia za toni chini ya histogramu katika maeneo hayo saba.

Kwanza nilipandisha `Exposure` mpaka nguzo za mbele zikafika karibu asilimia 40, bila kujali anga lililokuwa limepotea kwa weupe. Faili lililounganishwa huruhusu kidhibiti hiki kwenda hadi stopu 10 kila upande, na anga halijapotea kweli, limevuka tu kikomo cha skrini. Kisha nilishusha `Highlights` hadi −70, na mawingu yakarudi na umbo lake. `Shadows` niliinyanyua hadi +25 tu. Hapa kishawishi ni kikubwa, kwa sababu kivuli kimejaa undani safi na mkono unataka kuuonyesha wote. Nilipofika +60, nguzo za mbele zilifikia toni ya ukuta wa juani, na picha ya jana ikaanza kurudi mbele yangu. `Clarity` ilibaki sifuri, `Texture` vilevile, na `Dehaze` sikuigusa.

Bado ukuta wa juani ulikuwa umepauka. Badala ya kubana picha nzima zaidi, nilipaka eneo la ndani ya tao peke yake na kulishusha kwa stopu 0.6. Ukingo wa eneo nililolipaka niliufanya laini ndani ya unene wa tao, ambapo jiwe lenyewe lina mwanga unaobadilika, ili jicho lisipate mahali pa kushika. Mwisho, mawingu yalisoma asilimia 94, ukuta wa juani 82, majani 60, kipande cha jua sakafuni 57, nguzo za mbele 38, dari 20, na pembe ya kushoto 5. Mpangilio ulikuwa ule ule wa kwenye karatasi.

Kilichobaki ni rangi. Kivuli cha ndani hakikuwa na mwanga wa jua moja kwa moja. Kilikuwa na mwanga uliogonga majani ya nje kwanza, na baada ya kunyanyuliwa, chokaa ya dari ilionyesha ukijani ambao macho hayakuuona pale. Nilipaka dari na kusogeza `Tint` pointi 8 kuelekea zambarau nyekundu. Sikuuondoa ukijani wote, kwa kuwa ulikuwapo kweli. Kuhusu wingi wa rangi, niliupunguza kidogo kwenye maeneo yaliyonyanyuliwa, maana toni ikipanda, rangi yake huonekana kali kuliko ilivyokuwa gizani.

Nilikagua halo kwa kuikuza picha hadi asilimia 100 na kuutembeza ukingo wote wa tao polepole. Halo haikuwapo, lakini upande wa juu kulia kulikuwa na uzi mwembamba wa weupe wa nukta tatu hivi. Chanzo chake hakikuwa kubana toni. Katika picha za 1/8 na 1/2 anga limeungua vibaya, na mwanga wake humwagikia ukingo wa jiwe. Programu ilipopata wastani, ilichukua jiwe lililochafuliwa na mwanga huo. Hiki ni kikomo cha kweli cha kazi hii: picha ndefu zaidi huokoa pembe ya giza huku zikiweza kuharibu kingo zilizo karibu na anga. Nilirekebisha kwa kuchukua ukingo ule kutoka kwenye picha ya 1/125 na kuupaka juu kwa mkono.

## Njia ya mchanganyiko

Nilijaribu pia njia ambayo haitengenezi faili la mwanga mpana kabisa. Mertens, Kautz na Van Reeth waliieleza mwaka 2007: kila mahali huchukuliwa zaidi kutoka kwenye picha iliyopata mwanga mzuri hapo, na viungo hulainishwa kwa tabaka za ukubwa tofauti. Programu ya bure ya Enfuse hufanya kazi hiyo, ikitanguliwa na ile ya kupanga picha inayokuja na programu ya Hugin:

```
align_image_stack -m -a sawa_ k1.tif k2.tif k3.tif k4.tif k5.tif
enfuse --saturation-weight=0 --depth=16 -o kilwa.tif sawa_*.tif
```

Kwa asiyetaka kulipia programu, njia hii ni nzuri, na sura yake huwa tulivu tangu mwanzo. Kasoro yake kwenye picha hii ilikuwa ile ile aliyoitaja mzee. Kwa kuwa inatafuta toni ya katikati kila mahali, ilipeleka ndani na nje kwenye mwanga mmoja. Nilipoiondoa picha ya 1/2 katika mchanganyiko, giza la ndani lilirudi na picha ikawa ya kuaminika, ingawa pembe ya kushoto ilibaki na chembechembe. Kwa chumba chenye dirisha dogo ningeitumia bila wasiwasi. Kwa msikiti huu nilibaki na faili lililounganishwa.

Nilichapa nakala ya majaribio kwenye karatasi isiyong’aa, upana wa sentimita 60. Tao, mawingu na nguzo vilikuwa kama kwenye skrini, lakini pembe ya kushoto ilikuwa nyeusi tupu. Kwenye skrini asilimia 5 bado inasomeka, ila wino kwenye karatasi ya aina hiyo hunywewa, na weusi wake huanza mapema. Nilirudi kwenye faili, nikainyanyua pembe hiyo peke yake hadi asilimia 9, nikaacha dari lilivyo, na kuchapa tena. Safari hii mstari ambapo dari linakutana na ukuta ulionekana, na juu yake, kwa anayesogea karibu na karatasi na kuyapa macho muda wa kuzoea, popo watatu waliolala wakining’inia.